Njano ya Tangawizi za Tumainieli

Dorkas, bibi shamba wa kata moja huko Upare Kusini, alikuwa na simu isiyopumzika. Migomba, maharage, tangawizi, kila kilichougua mlimani kilimfikia kwa video, kikitetemeka mkononi mwa mwenye shamba. Mara nyingi aliangalia, akajibu kwa sauti na kuendelea na kazi.

Siku hiyo alikuwa bondeni Ndungu, mkutanoni na wakulima wa mpunga, ilipoingia video ya mzee Tumainieli wa Myamba. Jani moja la tangawizi lilijaza kioo kizima, njano kama kiini cha yai.

"Mwanangu, tangawizi zina njaa," ilisema sauti ya mzee. "Mbolea ninayo, na ndiva inafunguliwa mchana huu. Niweke?"

Ndiva ni bwawa wanalokusanyia maji ya kumwagilia kwa zamu, na zamu ikikupita unasubiri. Dorkas alikaribia kujibu ndiyo. Kidole kikasita. Ukingo wa jani ulikuwa umejikunja kwa ndani. Mmea wenye njaa hupauka na kuwa njano, lakini haunyauki. Akatoka nje, akapiga.

"Shikamoo, baba. Video umeipigia wapi?"

"Marahaba. Nimechuma jani, nimekaa nalo chini ya turubai. Jua kali."

"Turubai la rangi gani?"

"La chungwa."

Dorkas akashusha pumzi. Kumbe sehemu ya njano ile ilikuwa ya turubai. Na jani lililochumwa hujikunja lenyewe. Hakuwa ameona kitu cha kuamulia.

"Baba, rudi shambani. Usichume. Weka karatasi nyeupe kando ya jani, nione kamera inadanganya kiasi gani. Kisha piga mmea wote uliosimama, shuka polepole mpaka shina linapoingia udongoni. Mwisho simama mbali, unionyeshe tuta zima."

Video ya pili ikafika. Karatasi ilikuwa nyeupe kweli, na jani bado njano ukingoni. Njano hiyo ingeweza kuwa njaa, ingeweza kuwa kuoza kwa kitako cha shina, ingeweza kuwa mnyauko wa bakteria. Yote matatu huanza vivyo hivyo, majani ya chini. Lakini mimea iliyosimama ilikuwa imelegea juu ya udongo wenye unyevu, tena kwa kundi katikati ya shamba, huku ya pembeni ikiwa kijani. Kitako cha shina kilionekana kama kimechemshwa, kisha kamera ikapoteza umakini, pakawa ukungu mtupu.

"Baba, mbolea acha. Na maji yasipite kwako."

"Yakikosa kupita kwangu hayamfikii Mama Agape na wenzake wenye mashamba ya chini. Nitawaambia nini?"

"Waambie nimezuia mimi. Naja."

Bodaboda ilipanda kona baada ya kona, na moyo wake ukapanda nayo. Ikiwa ni njaa tu, atakuwa amewanyima watu maji, na Myamba hakuna atakayemsikiliza tena. Ikiwa ni bakteria, kila tone lingeubeba ugonjwa hadi mashamba ya chini.

Alimkuta Tumainieli mferejini pamoja na wakulima wa chini, majembe mabegani. Mama Agape alimkabili.

"Bibi shamba, umetazama simu ukiwa Ndungu, sisi tukaushe mimea?"

"Simu haijaniambia, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Aling'oa shina moja lililolegea shambani kwa Tumainieli, akakata kipande karibu na kitako kwa kisu safi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji maangavu. Nyuma ya glasi akashika mwavuli mweusi, ili chochote cheupe kionekane. Wakakodoa macho. Maji yalitulia, matupu. Mtu akasonya. Dorkas hakuushusha mwavuli.

Kisha uzi mwembamba, mweupe kama maziwa, ukachomoza kwenye mkato na kushuka. Ukafuatwa na wa pili.

"Ni nini hicho?" Mama Agape aliuliza, sauti imeshuka.

"Bakteria. Kuoza kwa kawaida hakutoi uzi huu. Sampuli nitaipeleka maabara kuhakikisha, lakini hatungoji."

"Dawa yake ipi?" aliuliza Tumainieli.

"Haina, baba. Tunang'oa, tunachoma. Mbegu usichukue hapa, wala usimpe mtu. Misimu kadhaa utalima mahindi."

Mzee aliketi juu ya tuta. Mwaka huo alikuwa ametegemea tangawizi tu. Mama Agape alimtazama, akawageukia wenzake: "Tumzungushieni mfereji."

Walichimba juu ya shamba, wakayapitisha maji pembeni, na jua lilipokuwa likishuka yalifika chini. Majembe waliyotumia kung'olea yalisuguliwa na kuoshwa kwa maji ya jiki, ya kuua vijidudu, kabla hayajaondoka. Nusu ya shamba la Tumainieli ilikuwa wazi.

Maabara ilithibitisha baadaye. Msimu ule mashamba ya chini hayakuguswa, na wakati wa mavuno Mama Agape alimpelekea mzee debe la tangawizi za kula.

"Si za mbegu," alimwambia.

"Najua," akajibu, akalipokea kwa mikono miwili.