Makofi Waliyompigia Mpishi wa Nyakato

Kumepambazuka nusu tu hapa Nyakato, na moshi wa kuni umeshalijaza jiko la kiwanda. Paskazia Kahigwa anasonga ugali kwa mwiko mrefu huku jasho likimtiririka shingoni. Katika joto lote hilo, amejifunga khanga mbili juu ya gauni la kazi.

"Sitaki wanitazame," anasema, macho kwenye sufuria.

Wafanyakazi wakija kula, huwapakulia kupitia dirisha dogo. Zamani alipeleka sahani mezani mwenyewe, akitaniana na mafundi. Siku hizi hapiti kabisa mlango wa kwenda bwaloni.

Paskazia alikuwa mnene tangu ujana, na kwao Bukoba hakuna aliyemcheka. Kiwandani mambo yalikuwa mengine. Magazetini mnyonyaji huchorwa na tumbo kubwa, basi mpishi mnene akabandikwa jina la kupe wa jikoni. Ulikuwa utani, naye alicheka nao. Angefanyaje?

Mwaka jana, 1974, wakati chakula kilipoadimika, alianza kupungua. Hakuwa amejinyima. Alikula akashiba, ila kiu haikukatika, usiku alikwenda chooni kila mara, na miguu ilimwishia nguvu. Akapanga kwenda hospitali.

Kabla hajaenda, ukaitishwa mkutano wa tawi la chama hapo kiwandani. Mwenyekiti, Ndugu Nkwabi Ngosha, mtu mwema asiye na hila, alimsimamisha mbele ya wenzake. Alisema Paskazia amepungua kwa kulima shamba la ushirika, sasa amependeza, aigwe na wote. Bwalo zima likapiga makofi.

"Nilisikia raha," anasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ndiyo aibu yangu. Nilijua naumwa, lakini nikasikia raha."

Makofi yale yalimfunga mdomo. Angesemaje ni mgonjwa, wakati watu wanasherehekea ugonjwa wenyewe? Tena alielewa kwamba miaka yote ile, nyuma ya utani, mwili wake ulikuwa umewachukiza. Safari ya hospitali akaiahirisha. Akaanza hata kuacha chakula cha jioni ili asiwaangushe, mpaka alipoanguka yeye, kando ya jiko.

Hospitalini walikuta kisukari. Muuguzi Teodora Mhoja akamfundisha kujidunga insulini. Mwili ulipopata dawa, chakula kikaanza kumfaa tena na unene ukarudi. Huko kiwandani, mtu mmoja akamwambia kwa masikitiko kwamba alikuwa amependeza kweli, sasa amejiachia. Jioni ile, nyumbani Pasiansi, Paskazia hakujidunga. Kesho yake pia hakujidunga, na kiu ikaanza kurudi.

"Niliuogopa mwili wangu kuliko ugonjwa," anasema.

Teodora ameyaona haya kwa wengine pia, na hafichi hasira yake.

"Ukimpongeza mtu kwa kukonda, hujui unapongeza nini," anasema. "Huenda ni ugonjwa, njaa au msiba. Na akinenepa kesho, pongezi yako ya jana inageuka lawama."

Anaongeza kuwa kumpayukia mtu mbele za watu, "Mbona umekonda, una nini?" si nafuu. Kama una wasiwasi naye, mwite pembeni, muulize hali yake, kisha umsikilize.

Aliyefanya hivyo ni mpishi mwenzake, Suzana Chenge. Hakutaja mwili hata kidogo. Kila asubuhi alimwambia, "Dada, nimefurahi kukuona. Umeamkaje?" kisha akasubiri jibu. Siku moja jibu likaja lote, pamoja na machozi, mpaka habari ya sindano alizoziruka. Suzana hakumsifu wala hakumhurumia kwa kelele. Aliuliza amsaidie nini.

Sasa Paskazia hujidunga jikoni, kwa bomba la sindano ambalo Suzana analichemsha kabla hajateleka uji. Gauni lilipombana, Suzana alilegeza mishono bila neno.

Ndugu Nkwabi alipopata habari kwamba kukonda kule kulikuwa ugonjwa, alitaka kuomba radhi mkutanoni. Suzana akamzuia, akamwambia asimpandishe mwenzake jukwaani mara ya pili. Basi alikuja peke yake dirishani.

"Ndugu Paskazia, niliusemea mwili wako mambo nisiyoyajua," alisema. "Nisamehe. Nimefurahi upo."

Paskazia alimpakulia maharage. Anakiri amemsamehe, lakini aibu imemng'ang'ania kama masizi ya sufuria.

Ana mpango, hata hivyo. Sikukuu ya Saba Saba wafanyakazi watakula pamoja, naye anataka kupita ule mlango wa bwaloni na sahani mkononi, bila khanga.

"Wasiniambie nimependeza, wasiniambie nimenenepa," anasema, akifunika ugali. "Waniambie karibu, wanionyeshe meza ambayo haijapata chakula."