Sauti ya Mama Iliyoondolewa

Wiki chache baada ya kumzika mama, mtandao uliondoa video yake niliyokuwa nimeipakia. Nilikuwa nimeirekodi shambani kwake karibu na Gachoka, akichuma muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, huku akiongea Kimbeere na dada yake. Ujumbe ulidai nimekiuka kanuni ya kuuza dawa za kulevya. Mama yangu huyo, ambaye hata chai ya rangi kali aliiita ulevi! Nilicheka kwa hasira, kisha nikakumbuka kuwa simu niliyorekodia ilikwisha kuibiwa. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Nyumba yangu hapa mjini, mtaa wa Dallas, ikaanza kunitisha. Nikiwa jikoni nilihisi ameniita, nikageuka, na sikuweza tena kukumbuka jinsi alivyokuwa akiniita.

Nikaandika rufaa ndefu ya machozi. Jirani yangu, anayesimamia kurasa za wafanyabiashara wa mjini, akaisoma kabla sijaituma.

"Futa yote," akasema. "Hapa wana-review mara moja tu, na nafasi ya kuandika ni kidogo. Hao hawajui mamako. Waambie ni rule gani wanasema umevunja, halafu uonyeshe hujavunja. Hakuna bei, hakuna namba ya simu, hakuna mtu ameitwa kununua. Muguka ni zao halali hapa Kenya. Na u-translate kila kitu alisema, juu pengine mashine haikuelewa Kimbeere."

Kila kitu. Nami nilibakiwa na picha moja tu iliyoganda, mkono wake ukiwa kwenye majani. Siku ile nilisimama mbali kidogo, na upepo ulivuma, hata maneno yao sikuyasikia vizuri. Ikanibidi niende Gachoka kumuuliza mama mdogo, aliyekuwa akiongea naye.

Alikumbuka vizuri. Mama alilalamikia mvua, akauliza kama yule mbuzi alikuwa amezaa. Nikaandika. Kisha mama mdogo akaendelea kuchambua ndengu zake.

"Mwisho alisema uzime hiyo kitu," akasema. "Alisema hataki kuachwa akiongea ndani ya simu na yeye hayuko tena. Mimi sikukwambia, ulikuwa unafurahia sana."

Nilitaka kuliacha neno hilo nje. Lakini tafsiri iliyokatwa ingeweza kuniharibia, na tena, Mungu anisamehe, nilijua hakuna anayetangaza biashara akaomba asirekodiwe. Sikuwa na ushahidi mzuri kuliko huo. Nikaliandika neno la mama kama alivyolisema, nikaweka kiungo cha video na picha ya ule ujumbe wao, nikatuma.

Wakajibu kuwa walikosea na kwamba video imerudishwa. Jirani akanipongeza kwa dhati, akataka hata tunywe soda. Nikamwambia tutakunywa baadaye. Nikajifungia chumbani, nikavaa vipokea sauti, nikaongeza sauti hadi mwisho. Safari hii, chini ya upepo, nikamsikia mama waziwazi akiomba nizime.

Sikuzima.