Kisiwa cha Sekunde Tatu

Dada Bang Myeong-suk hajali watu wanasema nini. Mpe rekodi ya mume na mke wanaotukanana hadi sahani zinavunjika, atakuuliza friji iko upande gani wa jiko. Mwaka wa tisa huu tunakaa ofisi moja, ghorofa ya tatu juu ya duka la tambi, karibu na mahakama za Seocho, na bado tabia hiyo inaniudhi. Mimi kazi yangu ni maneno. Mteja analeta sauti iliyorekodiwa kwenye simu, naiandika neno kwa neno, nagonga muhuri, anaipeleka kwa hakimu. Katika nchi hii kila mtu anamrekodi kila mtu, kuanzia mwenye nyumba hadi mama mkwe, kwa hiyo njaa sijaijua. Kazi ya dada ni kilicho chini ya maneno. Yeye anakiita sakafu.

"Chumba hakinyamazi hata watu wakinyamaza," huwa ananiambia. "Kuna friji, kuna taa, kuna barabara nje. Hiyo ndiyo sakafu. Wewe Se-ryeong unatazama viatu vya wageni tu, sakafu huioni."

"Viatu ndivyo vinavyonilisha," namjibu.

Zamani alikuwa mkata tepu redioni. Enzi hizo sauti ilikatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi, na kidole gumba chake cha kushoto kina kovu la kazi hiyo. Alikata kikohozi cha wakubwa, kigugumizi cha wachezaji mpira, na pumzi za wajane waliolia kwenye kipaza sauti. Ananiambia bila aibu kwamba alikuwa mwongo wa mshahara. Ndiyo maana akikutana na kiungo kibovu anakasirika, kama fundi cherehani aliyeona pindo lililoshonwa na mlevi.

Mwaka jana mwezi wa Novemba, wiki ya kutengeneza kimchi, kabichi za kuchachushwa za msimu wa baridi, aliingia ofisini mzee mmoja amevaa sare ya mlinzi, kofia mkononi. Aliitwa Pyo Gil-nam, ana miaka sitini na saba, mlinzi wa jengo la maghorofa huko Mangwon. Alikaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kiti ni cha kukodi.

"Mwalimu," alimwambia dada, "wanasema mimi ni mwizi wa kabichi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaona haya.

Mambo yalikuwa hivi. Bibi mmoja wa jengo hilo, Ok-bun, hutumiwa kila mwaka boksi la kabichi zilizotiwa chumvi na mdogo wake wa Haenam. Mwaka huo boksi lilifikia kibandani kwa Mzee Pyo, na bibi alipolichukua akakuta utepe umebanduka na kabichi ni kumi na sita. Juu ya boksi pameandikwa ishirini. Mwenyekiti wa wakazi, Bwana Maeng, alikwenda kibandani kumhoji mlinzi huku simu ikirekodi mfukoni. Jioni ile ile alituma rekodi kwenye kundi la simu la wakazi wote. Humo anasikika akiuliza, "Nani alifungua boksi la Bibi Ok-bun?" na Mzee Pyo anajibu waziwazi, "Mimi, nani mwingine?"

"Sauti ni yangu," mzee alisema. "Lakini sikufungua boksi. Mke wangu ameisikiliza mara tano. Juzi kaniuliza, 'Kweli hukufungua?' Miaka arobaini, Mwalimu, hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo."

Jumamosi wakazi wangepiga kura kama mkataba wake uendelee. Bwana Maeng alikuwa na siku nyingi akitaka kuondoa walinzi na kuweka geti la umeme. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Tukafungua rekodi. Ilikuwa na sekunde sabini. Dada akavaa hedifoni, akaichora kwenye skrini, maana sauti ikichorwa, mlio mnene unakaa chini, mwembamba unakaa juu, na mlio usiokoma unakuwa mstari uliolala. Mistari minne mitano ilikuwa imelala kuanzia mwanzo.

"Hita yenye feni," alisema.

"Ipo chini ya meza yangu," mzee alijibu, macho yamemtoka.

Mimi nikaona kitu kabla yake, au nilidhani hivyo. Kwenye sekunde ya arobaini na moja mistari yote inakatika. Nikapiga meza. "Hapa! Pamekatwa! Mzee Pyo, umepona!"

Mzee alisimama kabisa. Dada alinitazama kwa huruma ninayoichukia. "Mpe kiti chake mzee wa watu. Itazame tena, uikuze."

Nilipoikuza, mistari haikukatika. Palikuwa na tiki ndogo, mlio wa swichi, kisha mistari inainama kushuka kama shingo ya bata anayekunywa, sekunde tatu nzima, mpaka inakwisha.

"Hiyo ni hita imejizima baada ya kibanda kupata joto," alisema. "Feni haisimami ghafla, inachoka polepole. Ungeandika hapo pamekatwa, wakili wa upande wa pili angekula chakula chako cha mchana mbele yako. Sakafu kubadilika siyo dhambi. Swali ni kama imebadilika jinsi vitu vinavyobadilika."

Mzee Pyo alikaa tena, safari hii kwa huzuni, nami nikatamani sakafu ya kweli inimeze.

Dada aliendelea kusogeza. Kutoka sekunde ya arobaini na nne kimya kimetanda, hakuna hita. Swali la boksi linaulizwa ndani ya kimya hicho. Halafu kwenye sekunde ya hamsini na mbili alisimamisha mkono, akaanza kutabasamu.

Mistari ya hita ilikuwa imerudi. Haikupanda, haikuanza na tiki. Ilitokea ikiwa imekomaa, kama ukuta, na mbele yake pumzi ya mtu ilikuwa imekatwa katikati. Ndani ya mistari hiyo ndimo lilimokaa lile jibu, "Mimi, nani mwingine?" Kwenye sekunde ya hamsini na tano mistari ikapotea tena mara moja, kimya kikarudi. Kilikuwa kisiwa cha sekunde tatu.

"Simu nyingine hufuta kelele zenyewe watu wakinyamaza," nilisema, nikijaribu kujirudishia heshima.

"Hoja nzuri, hatimaye. Lakini mwanzoni wanaponyamaza hita inaendelea vilevile, haifutwi. Na huko ni kuondoa. Hapa kuna kitu kimeongezwa." Akatikisa kichwa. "Kazi chafu hii! Hata hakutafuta jibu lenye kimya sawa. Redioni tulirekodi dakika moja ya chumba kitupu kila mahali tulipokwenda, tuzibie viungo. Mtu huyu angefukuzwa siku ya kwanza."

Lakini hakuandika ripoti. Nakala ilikuwa imepitia kwenye kundi la simu, ambako sauti hubanwa na kupungua, naye hapendi kusema zaidi ya anachokijua. Alhamisi tulikwenda kibandani. Alimwambia Mzee Pyo aketi kimya dakika kumi huku tunarekodi, na hita ijiwashe na kujizima yenyewe. Ilijiwasha mara mbili. Kila mara ilianza na tiki, mistari ikapanda polepole sekunde mbili na ushee. Kisha mzee alitakiwa kusema "Mimi, nani mwingine?" mara ishirini, ili tulinganishe pumzi zake na ile iliyokatwa. Kufika ya kumi na mbili alikuwa anacheka mwenyewe, na mtu wa posta aliyekuwa akipita alimuuliza kama ni mzima.

Jumamosi mchana ukumbi wa jengo ulijaa. Bwana Maeng alivaa suti. Dada alionyesha picha kwenye ukuta, akachezesha hita ya kweli ikiwaka, halafu kile kisiwa. Hakuna aliyehitaji kueleweshwa mara mbili, kila nyumba ina feni.

"Jibu hili halikutolewa mahali lilipo sasa," alisema. "Nani amelihamisha, sijui. Kwa nini, sijui pia. Ningependa kuona rekodi ya kwanza, iliyo kwenye simu yenyewe."

"Nilipunguza tu urefu ili nisiwachoshe," alisema Bwana Maeng, masikio mekundu.

"Kupunguza hakuleti hita, Mwenyekiti," alisema Bibi Ok-bun kutoka mstari wa mbele. "Ichezeshe."

Watu wote walimgeukia Bwana Maeng. Aliitafuta sana hiyo rekodi, nadhani akiomba simu ife, ila simu haikufa. Tulisikia mlango wa kibanda, hita ikinguruma, na Bwana Maeng akiongea kwa utamu wa mtu anayejipenyeza: "Majani ya miti ya ginko mwaka huu yamezidi. Nani anayafagia yote haya kabla hatujaamka?"

"Mimi, nani mwingine?"

Swali la boksi lilikuja baadaye, hita imekwisha kuzima. Jibu lake la kweli lilikuwa, "Lilikuja hivyo, Bwana Mwenyekiti. Utepe ulilowa chumvi."

Bibi Ok-bun aliinama. Alikuwa hajampigia simu mdogo wake, kwa sababu nani huku anamuuliza aliyemletea zawadi ametuma ngapi? Ni aibu. Alimpigia palepale, kwa sauti kubwa ya watu wa umri wake. Mdogo wake alisema boksi ni la mwaka juzi, mwaka huu kabichi zimenenepa na zilienea kumi na sita tu, na mbona dada yake anamhesabia? Ukumbi ulicheka mpaka bibi naye akacheka, akijifuta macho.

Makamu mwenyekiti akauliza, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, "Basi nani anataka Mzee Pyo abaki?"

Bibi Ok-bun alikuwa wa kwanza kusimama. "Mimi, nani mwingine?"

Kisha nyuma, "Mimi." Na dirishani, "Mimi pia." Wakaanza kusema pamoja, viti vikiburuzwa, mtoto analia, mtu anakohoa. Mlangoni mwanamke mfupi aliyevaa koti la kijani, mke wa mzee, hakuwa na haki ya kura lakini alisema pia. Mzee Pyo aliweka kofia usoni na kuiacha hapo. Nami nililia, siwezi kuficha.

Jumatatu niliandika kumbukumbu ya mkutano kutoka kwenye rekodi niliyoifanya ukumbini. Ule mwisho ulinishinda, sauti zilikuwa zimepandana, sikujua nani ni nani. Nikamwambia dada kwamba nitaufupisha, niandike tu kwamba wakazi walikubali.

Aliniondolea hedifoni masikioni, akazivaa yeye, akasikiliza mpaka mwisho, viti, kikohozi na mtoto.

"Usikate kitu," alisema.

Nikaandika "Mimi" mara thelathini na moja, nikagonga muhuri.