Saba Tupu ya Doris

Mwalimu Anyesi alikuwa amesahihisha majaribio sitini na mawili ya kidato cha pili, na moja tu ndilo lililomnyima raha. La Doris. Swali la sita: kiwanja cha mstatili, urefu umezidi upana kwa mita tano, eneo mita za mraba themanini na nne, tafuta upana. Doris aliandika 7. Basi. Saba tupu, kama imeokotwa njiani.

Jibu lilikuwa sahihi, kwa hiyo alipata alama moja kati ya sita, na pembeni maneno yale yale ya kila siku kwa wino mwekundu: "Onyesha njia." Mwalimu akasimama, akatazama ukungu ukishuka kwenye migomba ya Old Moshi, akarudi kuikagua tena karatasi yake. Mtoto anakaa na Loveness, ambaye hajakosa swali tangu Januari. Ameiga? Aliona aibu kuwaza hivyo, na bado aliwaza. Isitoshe, orodha ya watakaosoma sayansi kidato cha tatu ilishafika kwa mkuu wa shule, na Doris alikuwa amejitoa mwenyewe.

Hakuweza kuvumilia. Akamwita ofisini.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa. Nifanyie hili: urefu umezidi kwa mita tatu, eneo ni mia moja na nane."

Doris alichomoa kipande cha karatasi mfukoni. Akaandika x(x + 3) = 108, akapeleka vyote upande mmoja, akatafuta vigawo, akapata 9 na –12, akaikata –12 kwa sababu upana hauwi hasi. Kalamu haikusita. Halafu kwenye karatasi safi akaandika 9, akakikunjakunja kile kipande na kuangaza macho kutafuta pipa.

"Lete hapa!" Mwalimu nusura amwage chai.

"Si rafu tu, Madam? Mtihani wa darasa la saba tulitia kivuli herufi ya jibu tu. Rafu hakuna aliyeitaka."

Mwalimu alikinyoosha mezani. Mlinganyo, alama mbili. Vigawo, mbili. Kukataa –12, moja. Jibu, moja. Sita kamili, na tano kati yake zilikuwa zinakwenda pipani.

"Sasa nilipokuandikia uonyeshe njia?"

"Nilidhani ndivyo mnavyowaandikia wasio na kichwa cha hesabu. Ndiyo maana nikajitoa."

Ilimchoma. Akakata maneno yake mekundu, akaandika upya: "Jibu ni sahihi, alama 1. Mlinganyo, vigawo na sababu ya kukataa –12 vina alama 5. Unachofanya kwenye rafu, kifanye hapa, chini ya swali." Ile moja hakuiongeza, kwani kwenye mtihani wa taifa hakuna atakayemwita Doris ofisini.

"Sayansi unaitaka?"

Doris aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alivuka uwanja karibu akimbie. Mkuu aliitazama karatasi, akauliza anamrudishaje kwenye orodha mtoto mwenye moja ya sita.

"Tano nilimpotezea mimi," alisema Mwalimu Anyesi.