Barua ya Rufaa ya Mzee wa Kanisa

Katika miaka yangu ya udaktari mjini Babati, hakuna mgonjwa aliyenitaabisha kwa heshima yake kama mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa Nakwa. Umri wake ulinilazimu kumwamkia shikamoo kabla ya jambo lolote. Na ni vigumu mno, baada ya kuitikiwa marahaba kwa upole, kumwuliza mtu huyohuyo habari za uume wake.

Nilimwuliza hata hivyo, kwa kuwa ndilo lililomleta kliniki.

“Unapoamka asubuhi, Mzee, huwa unasimama?”

“Husimama, Daktari. Nakwenda kukamua ng'ombe.”

Tulielewana hatimaye. Tatizo lilikuwa limeanza polepole, hamu ilikuwapo, sigara hakuvuta. Alikuwa na kisukari cha siku nyingi na dawa za shinikizo la damu. Kuvua nguo ili nimpime alikataa, akasema hayo ni ya daktari bingwa. Damu aliitoa bila kinyongo: homoni ya kiume, iliyopimwa asubuhi kama ipasavyo, ilikuwa ya kawaida, kipimo cha tezi dume hakikuonyesha shaka, sukari ilikuwa juu kidogo.

Nilipohakikisha kwamba moyo wake hauna tatizo na hatumii dawa ya maumivu ya kifua, nilimwandikia vidonge. Cha kwanza alikimeza baada ya kushiba nyama, akaketi sebuleni kutazama taarifa ya habari na kungoja matokeo. Nilimweleza kwamba kidonge hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa jepesi, na hakifanyi lolote pasipo mke kuwa karibu. Alirudia kwa utaratibu, mara kadhaa, hata kwa kipimo kikubwa zaidi. Hakufanikiwa. Basi nikaandika barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, Arusha.

“Naomba uisome mbele ya mama,” akasema.

“Hii ni siri yako, Mzee. Una hakika?”

“Ameviona vidonge vilivyobaki, kwenye koti langu la vikao. Anasema nina nyumba ndogo Singe. Nikimwambia ni ugonjwa, anasema ugonjwa huo una jina na una watoto. Nisiposafishwa leo, anarudi kwao Mbulu.”

Mama alikuwa akingoja nje. Aliingia, nikamwamkia, akaketi na mkoba mapajani kama aliyekuja kusikiliza kesi. Nilifunga mlango, nikasoma polepole: umri, maradhi, dawa, majibu ya maabara, vidonge na jinsi vilivyotumiwa. Mzee aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama anayethibitisha muhtasari wa kikao. Nilipofika penye “Anasema hana maumivu, wala uume haupindi,” Mama alinyoosha mkono.

“Hapo si kweli. Nani amesema?”

“Mzee mwenyewe.”

“Baba! Umemdanganya daktari?”

“Ningemwambiaje, Mama? Ameniamkia shikamoo!”

“Unapinda kushoto, Daktari. Tangu masika. Na akijaribu anakunja uso. Kwangu alisema ni mgongo.”

Niliweka kalamu chini. Nilieleza kwamba sasa siwezi kuituma barua ile kabla ya kumpima. Mzee alitazama dari. Mama alisema neno moja tu, “Vua,” naye Mzee akaenda nyuma ya pazia.

Nililigusa mara moja: kovu gumu, dogo, ubavuni mwa uume, upande wa kushoto. Niliwaeleza wote wawili kwamba mahali penye kovu hapatanuki, ndiyo maana uume hupinda na kuuma, na mara nyingine husimama kwa udhaifu. Kwamba wenye kisukari hupatwa zaidi. Kwamba si saratani, wala si matunda ya uzinzi. Kisha nikaiandika barua upya, nikiweka kovu na maumivu mwanzoni, kwa sababu hayo ndiyo bingwa angetaka kuyaona kwanza, na kukiri kwamba historia hii imekamilishwa na mke.

Mama aliipokea bahasha, akaitia mkobani.

“Tutakwenda wote,” akasema. “Daktari, nilikuwa nimeshafunga mizigo. Kumbe mtu mwenyewe ni huyu! Nyumba ndogo gani ingevumilia haya? Wangemfukuza siku ya kwanza.”

Mzee alikuwa ameshinda kesi yake. Hata hivyo alifunga vifungo vya koti taratibu sana, akamtazama mkewe kwa unyonge.

“Hata mmoja asingenitaka, Mama?”

“Hata mmoja, Baba. Ni mimi tu.”

Mzee alisimama kidogo mlangoni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama maneno hayo ya mwisho nayo yatahitaji kumfikia bingwa. Nilimhakikishia kwamba hayana umuhimu wa kitabibu.

“Afadhali,” akasema, akamfuata mkewe.