Wiki ya Tatu ya Nusura

Nusura wa Busia alibakiwa na wiki nne kabla ya mtihani wa kuajiriwa karani wa benki. Mwalimu Ogutu alimpangia: kwanza mifululizo ya namba, pili herufi, tatu hoja, mwisho majaribio ya kushindana na saa.

Wiki ya tatu akakwama mwalimu alipomsomea swali. "Wachuuzi wote wa Malaba huuza samaki. Kassim ni mchuuzi wa Malaba. Anauza nini?"

"Vitenge, mwalimu. Namjua."

"Hujaulizwa unachojua. Shika yaliyoandikwa tu, yakupeleke."

Jambo hilo likamnogea, akawa anapima kila neno la watu.

Wiki ya nne baba yake akanung'unika, "Makarani wote wa benki hiyo ni wanaume. Wewe ni msichana. Basi huwezi kuwa karani."

"Hoja imenyooka, baba," alisema Nusura, akichonga penseli. "Naenda kuiharibu ile sentensi ya kwanza."