Pafyumu ya Sendofu

Kwetu Bariadi, ukifungua zawadi ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kabla ya kuikabidhi, watu watasema umeleta makombo. Kwa hiyo pafyumu niliyomnunulia mdogo wangu mnadani Nkololo ilitulia ndani ya nailoni yake, ila mimi sikutulia. Muuzaji alinipulizia mkononi kwa chupa yake mwenyewe, kisha akaniuzia boksi lililofungwa. Mbona nailoni ina mikunjo na gundi? Niliiweka kabatini, nikaitoa, nikairudisha. Mwishowe nikaichana.

Namba ya toleo chini ya boksi haikufanana na ya kwenye chupa. Kipulizio kilicheza, kikatema matone badala ya ukungu. Harufu ilikuwa spiriti tupu, ikapotea kabla ugali haujaiva.

Nikaenda mjini kwa wakala anayetoa risiti. Nikamwambia, "Fungua mbele yangu, la sivyo naondoka." Akafungua, na kila kitu kilikaa sawa, nikanunua.

Ukumbini shangazi, boksi lake la mnadani mapajani, alininong'oneza: "Umeleta kitu kilichofunguliwa? Aibu!" Nilimkabidhi mdogo wangu, nikarudi kuketi. Bibi harusi akajipulizia, harufu ikafika hadi meza ya nyuma. Shangazi akanusa, akalitazama boksi lake, akanisogezea chini ya meza.

"Lichane na hili."